Nikiumia anasema nakuza mambo. Sasa hata mimi sijui kama naumia kweli

Tuli_wa_Kando (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naombeni mnisome hadi mwisho, kwa sababu nimeufuta huu uzi mara tatu kabla ya kuutuma.

Nina mwenzangu, mwaka wa nne sasa. Hanipigi, hanitukani, hana mtu wa pembeni ninayemjua. Shida yangu nikiisema kwa sauti inasikika ndogo, na hiyo ndiyo sehemu inayonitesa.

Kuna mtihani wa kazi yangu nimeufanya mara mbili na kufeli mara mbili. Sikumwambia mtu yeyote isipokuwa yeye. Usiku niliomwambia nililia, akanishika mkono, akasema hayo ni yetu wawili. Mwezi uliopita tulikuwa na marafiki zake, watu sita mezani. Mmoja akauliza mambo ya kazi, naye akasema, "Huyu wangu na mtihani wamezoeana, hawataki kuachana." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kifuniko cha chupa, nikawa nakizungusha mezani mpaka tukaondoka.

Njiani nikamwambia kwa upole kwamba ile iliniuma. Majibu yake nayaandika kama yalivyokuja: "Ulikuwa utani. Wote walicheka, hata wewe ulicheka. Wewe tatizo lako unakuza mambo, hisia zako zimezidi, mtu hawezi kufungua mdomo mbele yako." Nikajaribu kueleza tena. Akasema naongea kwa sauti ya kushtaki. Nikajitetea kuhusu sauti. Tulipofika nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa naomba msamaha kwa kumharibia jioni. Nilikuwa naomba kwa dhati. Wakati huo nilikuwa naamini kabisa kwamba mkosaji ni mimi.

Hii si mara ya kwanza, ila kilichonifanya nije hapa ni jambo jingine. Wiki iliyopita kazini mtu aliwasilisha kazi yangu kama yake, kwa barua pepe. Nikakaa pale nikijiuliza: hapa mtu wa kawaida angekasirika? Sikupata jibu. Nikawaonyesha wenzangu wawili barua pepe ile, kila mmoja kwa wakati wake, nikawauliza wao wangejisikiaje. Mmoja akanishangaa, akasema, "Wewe mwenyewe unajisikiaje?" Nikakosa la kumwambia.

Nikitaka kumwambia mwenzangu jambo, huwa najifungia bafuni, nafungua maji, naifanyia mazoezi sentensi moja mpaka naona haina kosa. Mara nyingi nikitoka simwambii.

Swali langu ni moja. Mtu anajuaje kama kweli ana hisia zilizozidi, au anaumizwa?

---

Kipanga_Mweupe

Dada pole, ila jibu lako liko wazi. Huko kunaitwa kuchezewa akili. Anakuumiza, kisha anakuaminisha kwamba hukuumizwa. Watu wa hivyo hawabadiliki, na kila siku unayokaa unapungua. Fungasha.

---

Mzee_Kitabu

Binti yangu, usikate tamaa. Mimi pia nilifeli mara mbili, ya tatu nikapita. Tafuta mitihani ya miaka ya nyuma, ifanye kwa saa kama uko ukumbini, na usisome usiku kucha. Utapita.

---

Tuli_wa_Kando

Mzee Kitabu, ahsante sana, hilo la kufanya kwa saa nitalifuata. Ila swali langu halikuwa la mtihani.

Kipanga, nimekusikia. Ila ukisema "anakuaminisha" unamaanisha anakusudia. Mimi sijui kama anakusudia. Hapo ndipo ninapokwama.

---

Msafiri_Mkimya

Nimesita kuandika, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa huyo mwenzako.

Nilimwambia mke wangu "unakuza mambo" kwa miaka. Nilikuwa siamki nikipanga kumchanganya. Ilikuwa hivi: akianza kusema "jana ulipofanya vile," kabla hajamaliza nilikuwa nahisi joto kifuani, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nilikuwa nasikia "wewe ni mume mbaya" hata kama yeye alikuwa anazungumzia kikombe. Na ile sentensi ilikuwa inafanya kazi. Nikishaitamka, yeye anaanza kujieleza na mimi napumua. Ndani ya dakika mbili tunamzungumzia yeye.

Hakuna aliyenifundisha. Kitu kikikupa nafuu mara ishirini, mara ya ishirini na moja kinatoka chenyewe.

Kwa hiyo Kipanga, hapo kwenye kukusudia una nusu ya ukweli. Sikukusudia. Lakini mke wangu alifika mahali ananiuliza kama chumba kina baridi kabla ya kuvaa sweta. Hilo nilimfanyia mimi, nikusudie nisikusudie.

---

Bi_Shuwari

Dada Tuli, pole. Nimefanya kazi ya unasihi wa wanandoa kwa miaka mingi, na swali lako naletewa karibu kwa maneno hayo hayo. Nikuombe tuligeuze kidogo, kwa sababu kwa namna ulivyoliuliza halijibiki. Hakuna kipimo cha kusema hisia hizi zimetosha na hizi zimezidi. Ukitafuta kipimo hicho utaishia kuwauliza wenzako wawili, kisha wanne, kisha jukwaa zima.

Tuanze na ile safari ya kurudi nyumbani. Ulipoanza, mada ilikuwa: siri yangu ilisemwa mbele ya watu sita. Ilipoisha, mada ilikuwa: sauti yangu na tabia yangu. Katikati mada ilihama mara tatu. Kwanza ikawa "wote walicheka." Kisha "wewe una hisia zilizozidi." Kisha "unaongea kwa kushtaki." Kila mara ulifuata ilikokwenda, maana mtu akisemwa vibaya hujitetea. Sasa jiulize, siri ilijibiwa lini? Haikujibiwa. Hata leo unapotuandikia, bado iko pale mezani na kile kifuniko cha chupa.

Nenda polepole na jambo la pili. Katika tukio lolote la aina hii kuna vitu vitatu, na watu huvichanganya kuwa kimoja. Kuna kilichotokea: alisema sentensi fulani mbele ya watu fulani. Kuna ulichosikia mwilini: uso kuwaka moto, koo kukaza, mkono kutafuta kitu cha kushika. Na kuna maana uliyokipa: "hanijali," au "anataka kunidhalilisha." Cha tatu unaweza kukosea, na sote hukosea. Cha kwanza mnaweza kukibishania. Lakini cha pili hakikosewi, kwa sababu si hoja. Mtu akikwambia "hukuumia," anakizungumzia kitu ambacho yeye hana njia ya kukiona.

Mwenzako anapokwambia hisia zako zimezidi, huwa vyote vitatu vinaanguka pamoja. Huenda angekuwa na haki ya kupinga maana uliyoitoa. Angeweza kusema, "Sikutaka kukudhalilisha." Hilo lingekuwa jambo la haki kabisa, na bado siri ingekuwa imesemwa, na bado ungekuwa umeumia.

---

Nuru_Njiani

Bi Shuwari, samahani, lakini nina swali gumu. Kuna watu wenye hisia kali kweli. Mimi ni mmoja wao, nimekuwa hivyo tangu utotoni. Kelele zinanichosha, mtu akibadilisha sauti kidogo nasikia. Nimewahi kusoma kwamba kuna mwanasaikolojia, Elaine Aron, aliyeanza kuwaandikia watu wa namna hii miaka ya 1990. Je, haiwezekani mume wa Tuli anasema kweli tu?

---

Bi_Shuwari

Inawezekana kabisa, Nuru, na sitaki Tuli aondoke hapa akidhani kwamba kusema "mimi ni mwepesi wa kuumia" ni kushindwa. Watu tumetofautiana, na wapo wanaosikia mapema na kwa nguvu kuliko wengine.

Lakini tazama kinachofuata. Tuseme ni kweli, Tuli huumia haraka. Je, hilo linamruhusu mtu kutoa siri yake? Mtu mwenye jipu begani akigongwa anapiga kelele kuliko mwingine. Wa kwanza kumgonga hakujua. Lakini mwenzake anayelala naye, aliyeonyeshwa jipu kwa taa, akimgonga hapo hapo na kumwambia "una bega bovu," tatizo si bega. Mtu anaweza kuwa mwepesi wa kuumia na awe ameumizwa kweli, vyote viwili siku moja. Watu hudhani lazima kuchagua kimoja.

Sasa kwa nini Tuli ameanza kujitilia shaka hata kazini. Mwaka 1977 watafiti watatu huko Marekani waliwasomea wanafunzi wa chuo sentensi nyingi, nyingine za kweli na nyingine za uongo, katika vikao vitatu vilivyopishana kwa wiki mbili. Baadhi ya sentensi zilijirudia kila kikao. Zile zilizojirudia zilizidi kuaminiwa, za kweli na za uongo sawasawa. Hakuna aliyetoa ushahidi mpya. Masikio yalizizoea tu. Sasa piga hesabu ya sentensi moja kuhusu nafsi yako, unayoisikia kwa miaka minne, kutoka kwa mtu unayempenda, tena saa ile umechoka na unataka amani.

Mwanasaikolojia Marsha Linehan aliandika mwaka 1993 kuhusu mazingira ambamo hisia za mtu hukanushwa kila mara. Alikuwa akizungumzia hasa watoto wanavyolelewa, kwa hiyo siwezi kulihamishia kwa watu wazima lote kama lilivyo. Lakini jambo moja alilolieleza naliona ofisini kila wiki: mtu huacha kutazama ndani kujua anajisikiaje, huanza kutazama nyuso za wengine. Tuli, ile barua pepe uliyowaonyesha wenzako wawili ndiyo hiyo.

Nikupe kazi, kama uko tayari. Chukua daftari, kwa wiki tatu. Likitokea jambo, andika siku hiyo hiyo kabla ya kulala, kwa sababu kesho kumbukumbu itakuwa imeshaonana na maneno yake. Mistari minne tu. Wa kwanza, kilichosemwa au kufanyika, kwa maneno yenyewe, kama kamera ingekinasa. Wa pili, mwili ulisikia nini. Wa tatu, maana niliyoipa. Wa nne, mazungumzo yaliishia kwenye mada ipi. Usiandike nani ana makosa. Na siku alizokutendea vizuri uziandike pia, la sivyo daftari litakuwa hati ya mashtaka na wewe mwenyewe hutaliamini.

---

Dau_la_Mwisho

Mimi ni mwanaume na yanayonikuta ni hayo hayo, ila anayesema ni mke wangu. "Mwanaume gani anaumia na maneno?" Nikimwambia kitu kimeniuma, ananitazama kama nimemwonyesha aibu. Nilianza daftari kama hilo mwaka jana. Alilikuta. Alilisoma kwa sauti mbele ya ndugu zake, halafu akachukua simu yangu na kuivunja ukutani. Tangu hapo siandiki kitu. Nikimsikia anafungua mlango, tumbo linakaza. Niendelee vipi na hiyo mistari minne?

---

Bi_Shuwari

Kaka Dau, simama hapo hapo. Kwako sitatoa kazi hiyo, na nakushukuru umeandika, kwa sababu nilipaswa kulisema kabla.

Daftari na mazungumzo ni vya watu wanaoweza kugombana bila mmoja kumwogopa mwingine. Palipo na kuvunja vitu, kutishia, kufuatilia simu au kudhalilisha mbele za watu, suala si tena nani anakuza mambo. Tumbo linalokaza mlango ukifunguliwa ni taarifa, lichukulie hivyo. Usiende naye kwenye unasihi wa pamoja kama hatua ya kwanza. Watu wengi huambiwa waende wawili, kisha yale aliyoyasema mtu kwa mnasihi anayalipia usiku nyumbani. Nenda peke yako, kwa mtu anayeshughulikia ukatili wa majumbani, wapo pia wanaopokea wanaume. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini kuhusu simu iliyovunjwa, kwa mdomo, ana kwa ana.

Tuli, na wewe jiulize: utalificha daftari kwa sababu ni lako, au kwa sababu unaogopa? Kama ni la pili, hilo ndilo liwe la kwanza kuandikwa, kisha nijulishe.

---

Tuli_wa_Kando

Nimekaa na swali hilo siku nzima. Simwogopi. Naogopa kuonekana mjinga, ni tofauti. Nitaliweka kwenye begi la kazi.

Kaka Dau, uko wapi? Tuandikie.

---

Dau_la_Mwisho

Nipo. Nimemwambia kaka yangu mkubwa. Sikujua naye alishaona.

---

Kipanga_Mweupe

Mimi bado nasema daftari ni kuchelewesha. Nilikaa kwenye uhusiano miaka sita nikichunguza. Kila nilipopata ushahidi nilitaka ushahidi zaidi. Bi Shuwari, kuna watu wanaoandika mpaka wanazeeka.

---

Bi_Shuwari

Kipanga, umesema kweli, na ndiyo maana nimesema wiki tatu. Kwako kuondoka kulikuwa sahihi, siwezi kulipinga. Ila sentensi moja ya mtu aliyechoka si kuchezewa akili. Kuchezewa akili ni mtindo: anakanusha kilichotokea tena na tena, kila mara anayebaki na shaka ni mtu yule yule. Mtindo hauonekani kwa tukio moja, ndiyo kazi ya daftari. Likishaonyesha, mtu akiendelea kuandika, hapo ndipo ninapokubaliana na wewe.

---

Tuli_wa_Kando

Wakuu, nimerudi. Leo ni siku ya ishirini na mbili.

Nina matukio tisa ambayo niliumia, na siku nyingi nzuri. Niseme yote, hata yasiyonipendeza.

Mawili nilikosea. Siku moja alipita jikoni bila kunisalimia, mstari wangu wa tatu nikaandika "amenichoka." Kesho yake nikajua kazini kwao watu wameachishwa kazi na yeye alikuwa hajui kama yumo. Nyingine nilidhani meseji yake fupi ni ya hasira, kumbe alikuwa anaendesha. Kwa hiyo ndiyo, mara nyingine natoa maana haraka kuliko ushahidi. Nimelikubali, na ajabu ni kwamba halikuniuma kulikubali, kwa sababu mstari wa pili ulibaki palepale. Niliumia, na nilikosea sababu.

Saba zilizobaki, mara mbili alinisikiliza. Mara ya kwanza alichelewa kunichukua, nikamwambia nilisimama dakika arobaini, akasema samahani na yakaisha. Sikutegemea hilo. Nilikuwa najiaminisha kwamba hasikii kabisa.

Mara tano mstari wa nne una neno moja: mimi. Sauti yangu, uso wangu, "unavyolichukulia." Nikazipanga hizo tano nikazitazama. Nne kati yake zilikuwa na watu wengine ndani: alisema kitu mbele ya watu, au aliwaambia watu jambo langu. Kuchelewa anaomba msamaha. Kunitania mbele ya watu haombi. Hilo sikuwahi kuliona miaka minne.

---

Msafiri_Mkimya

Dada, hapo umenishika. Na mimi ilikuwa hivyo hivyo. Kosa la saa au la pesa niliweza kulikubali, ni kosa la mkono. Lakini ukiniambia nilikuwa mkatili mbele ya watu, hilo linagusa mimi ni mtu gani. Hapo ndipo nilipokuwa naikimbilia ile sentensi.

Simtetei. Nakwambia tu mlango uko wapi.

---

Nuru_Njiani

Msafiri, uliachaje?

---

Msafiri_Mkimya

Sikuacha vizuri. Mke wangu aliacha kuniambia mambo. Nikadhani tumepata amani, nikawaambia hata marafiki kwamba siku hizi nyumbani kumetulia. Miezi minane. Siku moja nikamsikia kwenye simu na dada yake, anacheka, anasimulia jambo zito lililompata kazini ambalo mimi sikuwa nalijua. Nikasimama kwenye korido na ufunguo mkononi.

Nilianza kwa kitu kimoja: akisema ameumia, sijibu mpaka nimerudia alichosema kwa maneno yangu naye amesema "ndiyo, hivyo." Wakati mwingine bado nashindwa. Tuko pamoja, lakini bado kuna mambo hamalizii kuniambia, na sina haki ya kumharakisha.

---

Bi_Shuwari

Tuli, umefanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Sasa hatua moja, mara moja. Chagua wakati wa utulivu, usiwe njiani wala usiku sana. Sema tukio moja na ombi moja. Akisema unakuza mambo, usibishane kama unakuza au hukuzi. Mpe hilo, kisha rudi kwenye mada. Kwa mfano: "Huenda ni kweli naumia haraka, hilo tunaweza kulizungumza kesho. Leo nazungumzia ule utani wa mtihani. Naomba usiuseme tena mbele ya watu." Akihamisha, rudi tena kwa maneno yale yale. Mara tatu zinatosha. Baada ya hapo nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kizito.

Usiifanyie mazoezi bafuni mpaka ikose kosa. Sentensi inaweza kuwa na kosa na bado ikawa ya haki.

---

Tuli_wa_Kando

Nimefanya Jumamosi asubuhi. Naandika nikiwa bado natetemeka kidogo.

Nilisema kama ulivyoniandikia, ila nilisahau sehemu ya "tuzungumze kesho." Akasema, "Bado uko kwenye ule utani? Huoni kwamba hiyo ndiyo shida yako yenyewe?" Nikahisi ile hali ya kuteleza, kama sakafu imeinama, ulimi ukaanza kutafuta "samahani." Nikasema, "Huenda nina shida hiyo. Naomba usiuseme mtihani wangu mbele ya watu." Akasema hata mimi nilicheka. Nikasema, "Nilicheka, ndiyo. Nilicheka kwa sababu sikujua nifanye nini. Naomba usiuseme mbele ya watu." Akasema basi hataongea kabisa mbele ya marafiki zake, nifurahi. Nikasema mara ya tatu, kisha nikanyamaza.

Akaondoka. Saa moja na nusu. Nilikaa nikijiambia nimeharibu kila kitu. Aliporudi alisimama mlangoni, akasema, "Sawa. Sitasema tena. Lakini na wewe liangalie hilo tatizo lako."

Sijui nilichukulie vipi.

---

Kipanga_Mweupe

"Liangalie tatizo lako." Umeona? Hajakubali kitu.

---

Bi_Shuwari

Amekubali ombi, hajakubali kosa. Ni nusu, na usiiite nzima wala usiiite bure. Maneno ya mlangoni yaache. Kitakachokwambia ni pale mtakapokaa tena na watu wale wale. Jambo langu moja kubwa: wewe, wakati ulimi ulipotafuta samahani, ulijua unateleza. Miezi michache iliyopita ungeshateleza ndipo ujue.

---

Nuru_Njiani

Na asipokubali kosa miaka yote? Mtu anaweza kuishi na nusu?

---

Bi_Shuwari

Nuru, nimewaona walioweza na nimewaona walioisha. Sijui kukupa kanuni hapo.

---

Tuli_wa_Kando

Mrejesho, na samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Tulikuwa na watu wale wale jana. Yule rafiki akauliza tena, "Vipi ule mtihani?" Nikaona mwenzangu amefungua mdomo. Akanitazama. Akafunga, akasema, "Muulize mwenyewe." Halafu akachukua simu yake.

Nikajibu mwenyewe. Nikasema nimefeli mara mbili na nimejiandikisha tena. Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema yeye alifeli tatu.

Usiku nimeandika. Mstari wa kwanza: "Muulize mwenyewe," akachukua simu. Wa pili: moyo ulienda mbio, kisha mabega yakashuka. Wa nne: mazungumzo yaliishia kwenye mtihani wangu, nikizungumza mimi.

Wa tatu nimeshika kalamu muda mrefu. Huenda aliniheshimu. Huenda alinisusia. Nimeuacha wazi, nikalala.

---

Dau_la_Mwisho

Dada Tuli, nimesoma. Mimi niko kwa kaka tangu Jumatano. Nimenunua daftari.